Maji kwanza, makasi baadaye

Kila mwaka 8 Machi inapokaribia, mafundi wa Kadutu wanashona mpaka usiku. Sikukuu ikipita, magomvi yanaanza. Moja lilifika nyumbani kwetu. Dada yangu alivaa robe yake ya kikwembe mara moja, akaifua, na ikamkaza. Alirudi kwa fundi na hasira: "Umenikatia ndogo!" Fundi akafungua kaye yake: urefu sentimita 120, kiuno 80. Tulipopima robe, urefu ulibaki 114, na kiuno 78.

Fundi hakuiba kitu. Kosa lake ni kukata kikwembe kikavu, na kosa la dada yangu ni kukileta kikavu.

Kiwandani, nyuzi za pamba zinavutwa kwa nguvu, zaidi zile za urefu. Zikiingia majini zinalegea na kurudi jinsi zilivyokuwa. Ndiyo maana robe ilipoteza sentimita 6 kwa urefu na 2 tu kwa kiuno. Kama kuna kitambaa cha ndani cha nailoni, hicho hakirudi, na nguo inakunjamana kwenye mishono. Hapo hakuna pasi itakayoinyoosha.

Kwa hiyo, ukinunua piesi yako, iloweke kabla ya kuipeleka kwa fundi. Tumia basani, maji na sabuni kidogo, kikwembe kimoja peke yake, kwa nusu saa hivi. Usikiache kilale humo, maana rangi iliyotoka itaingia kwenye sehemu nyeupe. Suuza mpaka maji yawe safi, anika kivulini, kisha piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kama wewe huwa unafua na maji ya moto, loweka pia na maji ya moto, la sivyo kitarudi tena siku nyingine.

Watu wanatia chumvi au siki wakiamini vinashika rangi. Havishiki rangi ya kikwembe cha kiwandani. Pima hivi: sugua kitambaa cheupe chenye maji juu ya kikwembe. Kikipata rangi hata baada ya kusuuza mara tatu, kifuliwe peke yake siku zote, na usikishone pamoja na kola nyeupe.

Najua mtaniambia: maji yako wapi hapa Bukavu? Ni kweli, wengi tunabeba bido kichwani. Lakini bido moja ya litre 20 inatosha, nusu kwa kuloweka na nusu kwa kusuuza, na maji hayo yatasafisha sakafu baadaye. Robe iliyokwisha katwa ndogo haina dawa.

Nanyi mafundi, kabla ya kushika makasi muulize mama: "Kimelowekwa?" Akisema hapana, mrudishie, au mloweshee na muongeze bei mbele yake. Ni afadhali kubishana siku hiyo kuliko baada ya sikukuu.