Adresi imekubaliwa, makuta hayaonekani: namna rezo isiyo sahihi inavyopoteza USDT

Tangu benki zilipofunga milango Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wakaaji wengi wa Kivu wamejifunza njia zingine za kupokea makuta kutoka kwa ndugu walio mbali. Wengi wanatumia telefone: Airtel Money, M-Pesa, Orange Money. Wengine, zaidi wauzaji na vijana, wanapokea USDT, ile kripto inayofuata thamani ya dola moja ya Amerika, kisha wanaibadilisha kwa kambiste.

Njia hiyo ina kosa moja linalorudia. Mutumaji anaonyesha kwamba ametuma. Telefone yake inaandika kwamba muamala umefaulu. Mupokeaji anangoja saa moja, siku mbili, wiki nzima, na hesabu yake inabaki sufuri. Hakuna aliyedanganya, na hakuna mwizi aliyepita katikati. Kilichotokea ni kwamba adresi na rezo havikulingana.

Ili kuelewa, chukua mfano wa mama anayeuza vitenge Bukavu. Mudogo wake wa Kampala anataka kumutumia USDT 400 za kulipia mali. Mama ana konti kwenye platifomu moja ndogo ya kubadilishia kripto. Anaifungua, anabonyeza mahali pa kupokea, anachagua ERC20, yaani rezo ya Ethereum, anakopi adresi na kuituma kwa WhatsApp. Adresi ile inaanza na 0x na ina herufi na tarakimu 42 kwa jumla.

Mudogo anaibandika mu telefone yake. Platifomu yake, iliyo kubwa zaidi, inamuuliza achague rezo. Kwa ERC20, tuseme ada ni dola 4. Kwa BEP20, yaani BNB Smart Chain, ni senti 30 tu. Anachagua ile ya bei kidogo. Telefone haikatai kitu. Dakika chache nyuma yake anaandika: «Yaya, nilishatuma. Angalia.» Na yaya anajibu: «Sioni kitu.»

Watu wengi wanafikiri kwamba hatari kubwa ni kuandika adresi ambayo platifomu haiitambui. Kwa kweli, ile ndiyo hali isiyo na hasara. Adresi nyingi za kripto zinabeba ndani yake alama za kuhakiki: herufi chache zinazopigiwa hesabu kutokana na zile zingine. Kama hesabu haitoki sawa, ao kama mwanzo wa adresi si wa rezo iliyochaguliwa, platifomu inakataa na makuta hayatoki.

Ndiyo maana ni vigumu kutuma USDT ya Tron kwenye adresi ya Ethereum. Adresi ya Tron, ambayo kwenye skrini inaitwa TRC20, inaanza na T na ina herufi 34. Ukiibandika mahali ambapo umechagua ERC20, telefone inaandika kwamba adresi si sahihi. Bitkoin ina kisa kinachofanana. Adresi zake za zamani zinaanza na 1 ao 3. Baadaye zikaja zile za bc1q, na tangu Novemba 2021 zile za bc1p. Platifomu ambayo haijafanyiwa marekebisho inaweza kukataa bc1p. Mutumaji anakasirika, lakini hajapoteza kitu: anaomba adresi ya bc1q ao ya 3 kutoka pochi ile ile, na makuta yanapita. Kwa Bitkoin, aina zote hizo ziko ndani ya rezo moja. Tofauti ni ya muundo tu.

Kwa 0x mambo ni kinyume. Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon, Arbitrum na rezo zingine nyingi zilijengwa kwa kanuni moja, na zinatumia adresi ya muundo ule ule. Hakuna herufi yoyote ndani ya adresi inayosema «mimi ni wa Ethereum» ao «mimi ni wa BNB». Ni kama miji miwili yenye avenyu ya jina moja na nyumba ya nambari moja. Mwenye motari akiambiwa «avenyu fulani, nambari 24» bila jina la muji, atapeleka muzigo na atarudi akisema amefikisha. Na kweli amefikisha, lakini mu muji mwingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa zile USDT 400. Ziko kwenye adresi ya mama, lakini ndani ya BNB Smart Chain. Platifomu yake inachunguza adresi ile ndani ya Ethereum peke yake, kwa hiyo haioni kitu na haiongezi kitu kwenye konti.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi, na haiombi neno la siri. Mutumaji anafungua historia ya muamala na kukopi nambari yake, ambayo mara nyingi inaandikwa TXID ao Hash. Kwa rezo hizi inaanza na 0x na ni ndefu kuliko adresi: herufi 66. Anaibandika kwenye bscscan.com, daftari la wazi la BNB Smart Chain, kisha kwenye etherscan.io, daftari la Ethereum. Kama inaonekana kwenye la kwanza na neno Success, na la pili halina habari yake, jibu limepatikana.

Hapa kuna kitu kimoja kinachotisha watu bure. Kwenye ukurasa ule, mbele ya neno To, inaweza kuonekana adresi ambayo si ya mupokeaji. Ile ni adresi ya programu inayoendesha USDT. Adresi ya mupokeaji iko kwenye mustari mwingine, ule unaoonyesha USDT ngapi zimehamishwa, kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Mustari huo ndio wa kulinganisha na adresi iliyotumwa kwa WhatsApp.

Je, makuta yanaweza kurudi? Jibu linategemea swali moja: nani anashika ufunguo wa siri wa adresi ile?

Kama mama angetumia pochi yake mwenyewe, ile ambayo wakati wa kuifungua ilimupa maneno 12 ya kuficha, angekuwa salama. Ufunguo wa pochi ya kawaida unafungua adresi ile ile kwenye rezo zote za muundo wa 0x. Angeongeza BNB Smart Chain ndani ya pochi, na zile USDT 400 zingeonekana. Kuzihamisha kungeomba kwanza BNB kidogo, ya senti chache tu, kwa sababu rezo ile hailipwi ada kwa USDT. Wengi wanakwama hapo wakifikiri kwamba makuta yamefungwa, kumbe inakosekana ada tu.

Lakini mama alitumia platifomu, na kwenye platifomu ufunguo uko kwa kampuni. Yeye ana jina na neno la siri la kuingilia, basi. Kampuni peke yake inaweza kwenda kuchukua makuta ndani ya BNB Smart Chain. Zingine zinakubali kwa kuomba TXID, kiasi na malipo ya kazi hiyo; zingine zinaandika mapema kwamba hazirudishi kitu kilichotumwa kwa rezo wasiyoitumia. Mutumaji naye hawezi kufuta: hakuna ofisi ya BNB Smart Chain kama zile ofisi za makampuni ya telefone ambapo mutu anaenda na karte yake kulalamika.

Hali ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na iliwapata hata wenye ufundi. Mwaka wa 2022, wasimamizi wa rezo ya Optimism walikuwa wanapaswa kuipa kampuni ya Wintermute tokeni milioni 20 za OP. Wintermute ilitoa adresi ya pochi yake iliyokuwa kwenye Ethereum. Haikuwa pochi ya ufunguo mumoja, bali programu ndogo inayoomba saini za watu kadhaa. Programu ya namna hiyo inaishi pale tu ilipowekwa. Kwenye Optimism adresi ilikuwepo kama nambari, lakini nyuma yake hapakuwa na pochi. Mutu mwingine aliona hilo, akaiweka programu kwenye adresi ile ndani ya Optimism kabla ya Wintermute, na akawa mwenye nyumba. Baadaye alirudisha milioni 17.

Jambo la kukumbuka katika kisa hicho ni hili: kabla ya kutuma zote, Optimism ilijaribu mara mbili kwa kiasi kidogo, na Wintermute ikathibitisha kwamba imeona. Kuona makuta kwenye daftari la wazi si sawa na kuweza kuyatoa. Jaribio la kweli lina sehemu mbili: kidogo kinaingia, kisha kile kidogo kinatoka.

Kwa yaya wa Bukavu na mudogo wake wa Kampala, kosa lilianza kwenye ujumbe wa WhatsApp. Ulikuwa na adresi peke yake. Ujumbe kamili una vitu vitatu: aina ya kripto, jina la rezo, na adresi. Kwa mfano:

```
USDT
TRC20 (Tron)
T... (adresi nzima, herufi 34)
```

Mupokeaji ndiye anayechagua rezo, kwa sababu yeye ndiye anajua platifomu yake inapokea nini. Mutumaji akiona rezo nyingine ni ya bei kidogo, anauliza kwanza: «Yaya, kwako BEP20 inaingia?» Kama mupokeaji haioni kwenye orodha ya rezo za kupokelea, jibu ni hapana, hata kama adresi inafanana herufi kwa herufi. Kisha zinatumwa USDT 10, wanangoja zionekane kwenye konti, si kwenye daftari tu, mupokeaji anajaribu kutoa sehemu yake, na hapo ndipo zingine 390 zinafuata.

Na kwa yule ambaye makuta yake yameshakwama, kuna hatari ya pili. Akiandika shida yake kwenye kundi la Telegram ao Facebook, hatakawia kupata mutu anayejiita fundi wa kurudisha kripto. Atamuomba maneno 12, ao ada ya mbele. Kwa pochi ya mutu mwenyewe, maneno yale 12 ndiyo ufunguo wote, na mwenye pochi anaweza kufanya kazi ile bila fundi. Kwa platifomu, fundi wa njiani hana ufunguo, kwa hiyo hana cha kurudisha. Pa kuuliza ni mahali pamoja tu: huduma ya platifomu yenyewe, ndani ya aplikasyo yake, TXID ikiwa mukononi.