Fayamani au mpiganaji moto? Jina la kazi linavyoamua nani aombe

Januari 2017, Dany Cotton alikabidhiwa Kikosi cha Zimamoto cha London. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza, na alikuwa ameingia kazini mwaka 1988 akiwa na miaka 18. Mwaka huohuo akasema jambo ambalo kwa masikio ya Kiswahili linaonekana dogo: aliwataka Waingereza waache kumwita mtu wa zimamoto "fayamani", yaani mwanamume wa moto, na watumie neno linalomaanisha mpiganaji wa moto.

Akaitaja hadi katuni ya watoto ya Fayamani Sam, iliyoanza kuonyeshwa miaka ya 1980. Kwenye katuni hiyo yumo pia mwanamke wa zimamoto, Penny, ila jina la kipindi linabaki la mwanamume. Cotton alipata matusi kibao mtandaoni. Wengi waliuliza, hivi kweli mkuu wa zimamoto hana kazi nyingine?

Cha ajabu ni kwamba kwenye karatasi za kikosi neno hilo lilikuwa limeshaachwa kitambo. Waliobaki nalo ni raia, magazeti na katuni, na huko ndiko mtoto wa kike anakojifunza mapema kwamba kazi fulani ina mwenyewe. Mwaka 2019 kikosi cha zimamoto cha Lincolnshire nacho kilimwacha Sam asiwe sura yake kwenye hafla, kikaweka vikaragosi vyenye umbo la mtungi wa kuzimia moto.

Tangazo moja, matokeo matatu

Je, neno moja linaweza kumzuia mtu kuomba kazi? Swali hilo lilipimwa Marekani, na majibu yakachapishwa mwaka 1973. Wanasaikolojia Sandra na Daryl Bem walichukua matangazo ya kazi ya kampuni ya simu, zikiwemo kazi za mafundi wa laini wanaopanda nguzo, ambazo majina yake kwa Kiingereza yaliishia na "mwanamume". Waliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari.

Matangazo yalipoandikwa kwa mtindo wa kawaida wa kampuni, ni asilimia 5 tu ya wasichana waliosema wangependa kazi hizo. Yalipoandikwa bila kutaja jinsia, walifika asilimia 25. Yalipogeuzwa kabisa, yakasema wanatafutwa wanawake wa laini, walifika asilimia 45. Nguzo zilikuwa zilezile.

Wavulana nao walifanya vivyo hivyo. Kazi za opereta wa simu na huduma kwa wateja, zilipotangazwa kama za akina dada, zilivutia asilimia 30 yao. Lugha ilipokuwa ya wote, wakapanda hadi asilimia 75.

Hapa kuna tahadhari moja. Watafiti hawakubadilisha jina la kazi peke yake, walibadilisha sauti nzima ya tangazo. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba silabi moja ndiyo iliyofanya yote hayo. Hata hivyo serikali ya Marekani ililichukulia suala hilo kwa uzito. Mwaka huohuo kampuni ya AT&T ilifikia makubaliano na serikali kuhusu ubaguzi katika ajira, na Mahakama ya Juu ikakubali kwamba magazeti yanaweza kuzuiwa kutenga safu za "kazi za wanaume" na "kazi za wanawake".

Mlango umefunguka, ndani je?

Jina likishamruhusu mwanamke kuingia, swali linalofuata ni atakuta nini humo. London ilipata jibu Novemba 2022. Ripoti huru iliyoongozwa na Nazir Afzal, aliyekuwa mwendesha mashtaka mwandamizi, ilisema kikosi kilekile cha zimamoto kina chuki dhidi ya wanawake na ubaguzi wa rangi katika mfumo wake. Miongoni mwa yaliyosimuliwa ni kofia ya kazi ya mwanamke kujazwa mkojo. Wakati huo jina rasmi la kazi lilikuwa limekuwa la wote kwa miaka mingi.

Neno jipya lina mtego mwingine pia, nao unaonekana vizuri kwenye uongozi wa vikao. Waingereza walipochoka na "cheamani" walileta "cheapasoni", mtu wa kiti, liwe la jinsia zote. Lakini watu wengi walilitumia pale tu kiongozi alipokuwa mwanamke. Mwanamume akabaki cheamani, na cheapasoni likawa njia ya adabu ya kusema "huyu ni mwanamke". Ukitaka kujua kama neno limekuwa la wote kweli, angalia kama wanaume nao wanaitwa hivyo. Ofisi nyingi sasa zimeamua kusema "kiti" tu, na wapo wanaonung'unika kwamba wamegeuzwa fenicha. Kiswahili kiliwahi kulimaliza hilo: mwenye kiti ni mwenye kiti, basi.

Kiswahili hakina "yeye wa kike"

Ndiyo maana Samia Suluhu Hassan alipokuwa Mwenyekiti wa CCM Aprili 2021 hakuna aliyelazimika kutafuta neno. "Mwana" wa mwanasheria au mwanajeshi ni wa wote, askari wa zimamoto ni yeyote, na viambishi vyetu havijali jinsia.

Ila jinsia iliyonyimwa nafasi kwenye sarufi hupenyeza pembeni. Rais anaitwa Mama Samia, wakati mtangulizi wake hakuwa Baba Magufuli kwenye vichwa vya habari. Polisi wa kike Tanzania hubeba herufi WP mbele ya namba yake ya utumishi, na mtaani neno hilohilo limekuwa jina lake: "Kuna WP kaja." Vikundi vya kina mama navyo, Kenya na Tanzania, bado vina "chealedi" wao, japo mwenyekiti lipo na halina kasoro.

Pale tangazo la mwaka 1973 linapotugusa hasa ni chini kabisa kwenye ngazi ya mshahara. Pita mtaani usome karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo: anatafutwa dada wa kazi, anahitajika mdada wa mapokezi, anatakiwa kijana wa kiume wa kuuza duka. Nyumbani ni housigeli ndani na shambaboi nje. Hapa jina la kazi linataja jinsia waziwazi, tena linataja na umri. Mama wa miaka 45 mwenye watoto wanne anaitwa "geli", na mzee wa bustani ni "boi".

"Dada" linaonekana la upole kuliko housigeli, na wengi huona wamempa heshima. Lakini dada ni ndugu, na ndugu haulizwi ametoka kazini saa ngapi wala halipwi saa za ziada. Jina la kazi yake lipo, ni mfanyakazi wa nyumbani. Ndilo linalotumiwa na vyama vya wafanyakazi, na Shirika la Kazi Duniani liliwapa watu wa kazi hiyo mkataba wao wa kimataifa, namba 189, mwaka 2011. Tanzania inawapangia hata kima cha chini cha mshahara. Mwajiri akiliandika neno hilo kwenye tangazo lake, swali la kwanza atakaloulizwa kwenye simu litakuwa mshahara ni kiasi gani na siku ya mapumziko ni ipi.