Akidi Kwanza, Kura Baadaye

Ndugu wafanyakazi, katika vyama vyetu vya akiba na mikopo, viwandani na mashambani, kuna desturi moja ambayo yafaa ikomeshwe. Mwenyekiti hutazama ukumbi, huona viti vimejaa, husema "akidi imetimia," na mikono huinuliwa. Kesho yake aliyeshindwa huomba daftari la mahudhurio, huhesabu majina, na uamuzi wote huanguka. Kama uamuzi huo ulikuwa wa kukata fedha katika mishahara, fedha zilizokwisha kukatwa zitadaiwa zirudishwe.

Akidi ni idadi ya wanachama ambayo katiba ya chama yataka wawepo ili mkutano uweze kuamua jambo. Haihesabiwi kwa macho, wala si idadi ya kura zilizopigwa.

Tuchukue mfano wa chama cha wachuma chai chenye wanachama 240. Katiba yake yataka theluthi moja, yaani 80, "waliohudhuria wenyewe au kwa uwakilishi," na mtu mmoja haruhusiwi kubeba barua za uwakilishi zaidi ya 2. Saa 4.00 asubuhi watu 61 wametia sahihi, na mezani pana barua 23. Mwenyekiti ajumlisha 84 na ataka kuanza.

Katibu mwangalifu azisoma barua hizo moja moja. Barua 3 hazina sahihi ya mwanachama aliyezitoa. Barua 2 ni za watu ambao wamekuja wenyewe na wameketi ukumbini, kwa hiyo wamehesabiwa mara mbili. Msimamizi mmoja amebeba 4, hivyo 2 zazidi kiwango. Barua halali zabaki 16. Kumi na sita na 61 ni 77. Akidi haijatimia, wamepungua watatu.

Hapo ndipo wanaochelewa huwa na maana. Katiba nyingi hutoa nusu saa ya kungoja. Saa 4.20 zamu ya usiku yatoka kiwandani, na watu watano waingia. Kila mmoja atia sahihi na kuandika saa aliyofika. Lakini mmoja wao alikwisha kumpa jirani yake barua. Yeye aongezwa, barua yake yaondolewa. Sasa waliopo wenyewe ni 66, barua ni 15, jumla 81. Mkutano waweza kuanza.

Je, kama kura ingepigwa saa 4.00, hao watano wangeiponya? La. Anayechelewa huhesabiwa tangu dakika aliyotia sahihi, hahesabiwi kwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Kura ile ingepasa kurudiwa yote, baada ya hoja kusomwa upya.

Hesabu ya asubuhi nayo haitoshi. Zipo katiba zinazosema akidi itimie mkutano unapoanza tu, na zipo zinazotaka idumu hadi mwisho. Maoni yangu ni kwamba tuhesabu tena kabla ya kila kura, hata pale katiba isipolazimisha. Katika mfano wetu, saa 6.00 watu watatu wametoka kunywa chai, hivyo waliobaki ni 78. Mwenyekiti asubiri, waitwe, jumla irudi 81, ndipo kura ipigwe. Matokeo: ndiyo 44, hapana 30, na 7 hawakupiga. Hao 7 hawaharibu akidi, kwa kuwa walikuwapo.

Soma pia maneno ya katiba yako kwa makini. Ikisema "waliohudhuria wenyewe," barua zote haziingii katika akidi, hata zikiwa halali. Huko Uingereza, ambako kanuni nyingi za mikutano za Afrika Mashariki zimetoka, mwaka 1876 mahakama iliamua kesi ya kampuni moja ya madini. Mwenye hisa mmoja tu alikuja mkutanoni, akajifanya mwenyekiti, akapitisha mchango, hata akajipigia kura ya shukrani. Mahakama ilisema mtu mmoja si mkutano, na mchango ule haukuweza kudaiwa.

Wako viongozi watakaosema kuhesabu huku kwapoteza wakati. Dakika 20 za katibu ni chache kuliko miezi ya ugomvi. Tena, kiongozi anayeharakisha kura wakati zamu nyingine ingali kazini, tumwulize anamkimbia nani.

Mwanachama yeyote ana haki ya kuinua mkono kabla ya kura na kuuliza: "Ndugu Mwenyekiti, tuko wangapi sasa?" Jibu liwe tarakimu tatu: waliopo wenyewe, barua halali, na idadi inayotakiwa. Ziandikwe katika kumbukumbu pamoja na saa. Akidi isipotimia, mkutano upange siku nyingine, wala usipige kura yoyote ya kukata mshahara wa mtu.