Kuitwa Cohen si uthibitisho wa ukoo

Kwa Wayahudi, jina Cohen maana yake ni kuhani, na ukuhani wa uzao wa Haruni hupitia kwa baba pekee. Mtoto aliyelipata jina hilo kwa babu mzaa mama hawi kuhani. Kuhani mwingine huitwa Katz.

Mwaka 1997 watafiti walipima kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume. Makuhani wengi walifanana, lakini si wote. Tena kipimo hicho hufuata mstari mmoja: kati ya nafasi 1,024 za wazazi wa kizazi cha kumi nyuma, humgusa mmoja tu.

Mikono ya baraka iliyochongwa kwenye kaburi la babu huonyesha familia ilivyomtambua, damu haithibitishi.