Acheni Kuwasingizia Amiba

Kwetu Butembo na Beni, mtu akisema tumbo linamwendesha, hukumu hutolewa kabla hajaketi: ni amiba. Anapewa metronidazoli. Akirudi bado anaharisha, anapimwa Widal, karatasi inasema ndiyo, na sasa ni tifoidi, anapewa siprofloksasini. Kipimo hicho huweza kuitika hata kwa mtu aliyeugua tifoidi zamani au anayeugua homa nyingine kabisa, lakini tumekifanya hakimu. Watu wanazungushwa hivyo miaka na miaka, na kila mzunguko wanalipia.

Ninaowasemea leo ni kundi moja, nalo linaniudhi zaidi kwa sababu tumelitengeneza wenyewe kwa kisu: watu waliopasuliwa baada ya tifoidi kutoboa utumbo wao. Si wachache nchini mwetu. Katika mlipuko wa Kinshasa wa mwishoni mwa 2004, OMS ilihesabu wagonjwa 42,564, na 696 kati yao walipata matundu ya utumbo au usaha tumboni. Matundu hayo hutokea hasa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Tundu moja dogo daktari hulishona tu. Yakiwa mengi, anakikata kile kipande na kuunganisha ncha mbili. Mgonjwa anapona, familia inashukuru Mungu, na hakuna anayemwambia kilichokwenda na kile kipande.

Kilichokwenda ni mlango wa kurudishia nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo ili mafuta ya chakula yayeyuke, kisha mwisho wa utumbo mwembamba huzifyonza karibu zote, kama asilimia 95, na kuzirudisha kwenye ini zitumike tena. Sehemu hiyo ikikatwa, asidi zinamwagikia utumbo mpana. Huko zinaulazimisha utoe maji na kusukuma choo mbio. Hakuna mdudu hapo wa kuuawa! Unaweza kummezesha metronidazoli mpaka ulimi uonje chuma, nyongo itaendelea kumwagika.

Chukua mfano wa mama muuza vitenge aliyekatwa sentimita 40. Anaharisha maji ya manjano mara sita kwa siku, hasa akishakula, na usiku choo kinamwamsha. Siku ya safari ya Kasindi hali kitu, maana gari halitamsubiri. Hana damu chooni, hana homa, uzito haushuki. Choo kimepimwa, virusi vya Ukimwi vimepimwa, kifua kikuu cha tumbo kimetafutwa, yote safi. Huyo bado mnamwandikia dawa ya amiba?

Ulaya wangemmezesha kapsuli yenye mionzi hafifu na kupima baada ya siku saba imebaki kiasi gani mwilini. Ikiwa chini ya asilimia 15, nyongo inapotea. Mitambo hiyo hatuna, na wengine wanajificha nyuma ya neno hilo. Lakini dawa yenyewe inaweza kuwa kipimo. Inaitwa kolestiramini, unga unaonasa asidi za nyongo utumboni na kutoka nazo chooni. Hofmann na Poley walionyesha huko Marekani, tangu 1969, kwamba inawatuliza waliokatwa utumbo. Mama wetu aanze na pakiti moja ya gramu 4 kwa siku, iliyokorogwa vizuri katika maji au juisi, pamoja na chakula. Baada ya siku chache, ikihitajika, ziwe mbili, huku akiandika kila siku amekwenda choo mara ngapi. Kama ni nyongo, mara sita zitashuka sana ndani ya siku chache. Wiki mbili zikipita kwa dozi ya kutosha bila badiliko, aache, na daktari atafute kwingine.

Unga huo una ukorofi wake. Unajaza gesi na ukizidi unafunga choo. Unanasa pia dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo hizo zimezwe saa moja kabla au saa nne hadi sita baadaye. Akiutumia miaka, vitamini A, D na K zinaweza kupungua.

Na kuna ambao hautawafaa. Aliyekatwa zaidi ya sentimita 100 hivi amepoteza nyongo nyingi mno kiasi kwamba ini halifidii. Mafuta hayayeyuki tena, na choo kinakuwa cha mafuta, kinanuka na kuelea. Ukimpa kolestiramini unamnyang'anya hata nyongo kidogo iliyobaki. Huyo anahitaji kupunguziwa mafuta ya chakula.

Tofauti ya wawili hao ni idadi ya sentimita, na idadi hiyo anaijua mpasuaji peke yake, siku ile ile. Basi aiandike! Karatasi ya kutoka lopitali inayosema tu "operesheni ya tumbo" ni uzembe. Ndugu wa mgonjwa, msiondoke bila kuuliza: mmekata wapi, na sentimita ngapi? Na wenye farmasi kubwa za mjini, mnaoagiza metronidazoli kwa makatoni, ongezeni kolestiramini kwenye oda ijayo.