👑 Ni Mama au Fundi Suti? Acheni Kuseivu Namba kwa Emoji Tupu

Wadau, leo ubuyu ni kidogo, hasira ndiyo nyingi.

Kuna mshereheshaji mmoja wa harusi hapa Dar, jina nalihifadhi, ila mkisikia sauti yake mtamjua. Juzi kati alidondoka nyuma ya jukwaa, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kijana anayembebea vifaa anaijua namba ya siri ya simu yake, akafungua haraka ili ampigie mtu wa nyumbani. Akakutana na 👑. Chini yake 👑👑. Halafu ❤️‍🔥, 🦁, 🧿, 🕊️. Herufi hata moja hakuna. Kijana akawaza, taji la kifalme, huyu si mwingine bali mama mzazi. Akapiga. Akapokea fundi anayemshonea suti: "Bosi, ile ya bluu bado vifungo tu."

Ilipita karibu robo saa mpaka kumpata mke, na alipatikana kwa sababu kijana aliamua kupiga namba iliyopigwa mara nyingi siku ile. Mke akauliza swali moja tu: "Amekula?" Jamaa anatumia dawa za kisukari na hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, wakampa soda, wakamkimbiza hospitali. Yuko salama. Mke, kwa taarifa yenu, ndiye alikuwa 🕊️.

Sasa nisikie tena mtu ananiambia eti emoji tupu ni "usafi wa simu".

Maana fasheni hii ina wenyewe. Yupo mrembo mmoja wa mitandaoni, wafuasi kibao, aliweka video akionyesha simu yake mpya. Folda zote hazina jina, ni emoji tu. Orodha za nyimbo, emoji tu. Namba za watu, emoji tu. Akasema maneno yanachafua skrini. Dada zetu na kaka zetu wakaenda kufuta majina usiku uleule. Mimi namwambia hivi: dada, simu yako ina watu wangapi? Mwenye namba arobaini anaweza kukariri kwamba 🦋 ni shangazi. Mwenye namba elfu moja hawezi, na wewe mwenyewe baada ya miezi sita utakuwa unapiga 🦋 huku unaomba Mungu.

Kabla wazee wangu hamjashangilia, na nyinyi nina neno na nyinyi. Mnaosema emoji kwenye jina ni utoto, na mnaosema mwenye 🔥 au 🌹 kwenye simu lazima ana mchepuko, mmekosea pia. Tangu lini mchepuko akaseiviwa kwa 🌹? Mchepuko anaseiviwa "Fundi Bomba", "Juma Betri", "Ofisini Masjala". Anayeficha hapambi. Anayepamba anataka kuona haraka, na hapo ndipo emoji inapofanya kazi yake halali.

Niwape mfano wa mtu anayeijua hii kitu. Rafiki yangu ni mpambaji wa maharusi. Simu yake ina wateja, wauza vipodozi, bodaboda, wenye kumbi, ndugu, na mama wa watoto wa shuleni. Zamani alikuwa anaseivu "Neema", "Neema 2", "Neema Kariakoo". Siku moja akatuma bei ya harusi kwa Neema mwalimu wa mwanae. Ndipo akabadilika. Sasa kila jina lina mambo matatu, kwa mpangilio huu: emoji ya kazi, jina la mtu, kisha neno moja la kumtambulisha. Yaani 💄 Neema Desemba, ni bibi harusi wa Desemba. 📦 Neema Kariakoo, ni muuza vipodozi. 🎒 Neema Mwalimu. Emoji anazo sita tu, hataki ya saba. Akitaka wateja wote, anaweka 💄 kwenye kisanduku cha kutafutia na wanajitokeza wote kwa pamoja. Akitaka Neema, anaandika Neema, na picha ile ndogo inamwambia ni yupi kabla hajasoma neno la mwisho. Ukitoa jina, umebaki na 💄 mia mbili zinazofanana. Ukitoa emoji, umerudi kwa Neema 2.

Hapo kuna jambo la kujua, maana watu wakijaribu wanasema "mbona namba zangu zimepotea?" Hazijapotea. Emoji ikitangulia, jina linatoka kwenye mstari wa A, B, C. Kwenye iPhone linashuka mpaka mwisho kabisa, chini ya alama ya #. Kwenye simu nyingi za Android linapanda juu kabla ya A. Kwa hiyo usiiweke mbele kwa kila mtu, la sivyo orodha nzima itahamia kwenye kundi moja na herufi za pembeni hazitakusaidia. Weka mbele kwa wale unaotaka wakae pamoja, wengine weka nyuma: Baba Asha 🚕. Na kama uko kwenye iPhone na umejaza jina la pili kwenye nafasi yake, simu inaweza kupanga kwa jina hilo la pili na kuipuuza emoji uliyoweka mwanzo. Ingia kwenye mpangilio wa Contacts, tafuta Sort Order, chagua First, Last. Mrembo wetu wa video haya hakuyasema, sijui kama anayajua.

Tuje kwenye muziki, maana huko ndiko balaa. Dijei mmoja maarufu wa harusi, huyu naye simtaji, alikuwa na orodha kumi na moja za nyimbo, zote zimepewa 🔥. Moja 🔥, nyingine 🔥🔥, nyingine 🔥💯. Ukumbini taa zikazimwa, wazazi wa bibi harusi wanaingia taratibu, mama na kilemba chake, baba na fimbo yake. Dijei kagusa 🔥🔥 akidhani ni ile ya zilipendwa. Ikatoka singeli. Mama wa watu kasimama katikati ya zulia hajui aende mbele au arudi nyuma. Watu wakacheka, lakini mwenye sherehe hakucheka, na salio la malipo lilicheleweshwa mpaka vikao viwili vikakaa.

Kosa la yule dijei ni moja, na ndilo kosa la wengi. Emoji zake zilisema anavyojisikia, hazikusema kitu ni nini. Kila dijei anaona nyimbo zake zote ni 🔥. Moto hautofautishi chochote. Angeweka 🚪 Kuingia Wazazi, 🍽️ Chakula, 🎁 Zawadi, 💃 Kufungua Dansi, gizani na kwa haraka jicho lingekwenda lenyewe. Tena mbele aweke tarakimu, 01, 02, 03, kwa sababu programu ikipanga kwa majina haijui kwamba 🚪 inatangulia 🍽️ kwenye ratiba ya harusi. Emoji zina mpangilio wao wa ndani, na mpangilio huo haujawahi kukaa kikao cha harusi. Sifuri ya mbele ni kwa sababu baadhi ya programu huiweka 10 kabla ya 2. Folda za picha ni habari hiyohiyo: 🧾 Risiti, 🪪 Vitambulisho, 🏠 Kiwanja. Basi.

Wenye emoji tupu wanasahau pia kwamba emoji haionekani sawa kila mahali. Ile ❤️‍🔥 ya mshereheshaji wetu kwa ndani ni mbili, moyo na moto, zimeunganishwa na alama isiyoonekana. Simu ya zamani isiyoifahamu inaonyesha moyo, halafu moto pembeni. Emoji mpya kabisa kwenye simu hiyo inakuwa kiboksi kitupu. Redio nyingi za magari zikivuta namba zako zinaonyesha viboksi tu, safu nzima, na wewe uko barabarani Morogoro unatafuta 🕊️ kati ya viboksi thelathini. Hata rangi ya ngozi ni alama ya ziada: ukiseivu wengine kwa 💅 na wengine kwa 💅🏾, ukitafuta kwa ya pili, wale wa kwanza huenda wasitokee. Kama jina lipo pembeni, yote haya ni usumbufu mdogo. Kama jina halipo, umepoteza mtu.

Na jamani, mkumbuke kuna siku utatuma namba ya mtu kwa mwingine. Msanii mmoja wa filamu aliombwa kwenye kundi la kazi namba ya mtayarishaji wao. Akaituma WhatsApp moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Namba inapotumwa hivyo, inakwenda na jina ulivyoliseivu wewe. Ikatua kundini ikiwa na 🐍. Mtayarishaji mwenyewe yumo kundini. Filamu ya pili hakuitwa. Sheria yangu hapo ni nyepesi: usiweke emoji ambayo huwezi kuieleza mwenye namba akiwa amesimama mbele yako.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sirudi nyuma hata mkinisema. Emoji ni lebo kwenye kopo, siyo kopo. Neno "Chumvi" likifutika ukabaki na ua lililochorwa, siku moja utatia sabuni ya unga kwenye mboga. Watu wawili watatu wa karibu waandikwe kwa maneno ambayo mgeni akiyasoma anaelewa: Mama Mzazi, Mke Wangu Zawadi, Kaka Mkubwa. Ukipenda weka ❤️ mwishoni, hakuna anayekukataza kupenda. Kisha ujaze taarifa za dharura za simu, zile zinazofunguka hata skrini ikiwa imefungwa. Kwenye iPhone zinaitwa Medical ID, kwenye Android tafuta Emergency information. Andika ugonjwa wako, dawa zako, na namba ya kupigiwa. Yule kijana wa vifaa alikuwa na namba ya siri. Dereva wa bodaboda atakayekuokota barabarani hatakuwa nayo.

Mshereheshaji wetu amesharudi kazini. Nimeambiwa mkewe sasa ameandikwa kwa jina lake kamili, herufi kubwa tupu, na 🕊️ imewekwa mwishoni. Fundi suti bado ni 👑. Nalo hilo tutaliongelea siku nyingine.

Haya, fungua simu yako sasa hivi. Mama yako umemseivu nani? Shuka chini useme ukweli.