Pengo la kweli katika makala ya nyanya

Uchambuzi wa pengo la maudhui, yaani kulinganisha makala na kurasa shindani ili kubaini mada ndogo inazozikosa, haukamiliki mpaka kila pengo lipimwe kwa swali la msomaji. Makala ya kilimo cha nyanya ikilinganishwa, kichwa kidogo kwa kichwa kidogo, na kurasa tano za kwanza za Google, ikaonekana kwamba nne zinaeleza kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, ilhali yenyewe inataja wadudu kwa jumla tu, hilo ni pengo la kuzibwa mara moja. Historia ya nyanya, hata ikiwamo katika zote tano, haimsaidii mkulima anayetafuta dawa, na pengine kurasa hizo zimenakiliana.